Acha kupiga ramli, uliza: namna ya kumuuliza mtu unayempenda bila kumbana

Chukua watu wawili waliokutana katika darasa la jioni la lugha. Wana wiki 10 wakikaa dawati moja. Mmoja wao, ambaye hapa tutamwita muulizaji, ameanza kumpenda mwenzake, na tangu hapo kila jambo dogo limegeuka ushahidi. Mwenzake alimtunzia kiti mara tatu. Meseji zake za usiku huwa ndefu, za mchana huwa fupi. Siku moja alicheka mpaka akamshika mkono. Halafu Jumatatu iliyopita akasoma ujumbe, tiki zikawa za bluu, na jibu likaja baada ya muda wa saa 11: "Hahaha sawa." Muulizaji ameipeleka hiyo "hahaha sawa" kwa marafiki wawili. Mmoja kasema unapendwa wewe, mwingine kasema sahau.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo: watu wazima wawili wanaofahamiana, mmoja anataka kujua kama mwenzake anamtaka kimapenzi, na ameshindwa kusoma. Tutakwenda na hao wawili hadi mwisho.

Dalili husema "hapana" vizuri kuliko "ndiyo"

Tumekuzwa na methali zinazosifu kusoma bila kuuliza. Mwenye macho haambiwi tazama. Akufukuzaye hakwambii toka. Zote mbili ni za kweli, lakini ile ya pili inahitaji kuangaliwa vizuri: inazungumzia kufukuzwa. Hakuna methali inayosema akupendaye hakwambii njoo, na pengine kuna sababu.

Mtu anapokataa, mara chache hutamka "hapana" tupu. Mwaka 1999 watafiti Celia Kitzinger na Hannah Frith walieleza namna watu wanavyokataa katika mazungumzo ya kawaida: wanasita, wanaguna, wanaanza na neno zuri, kisha wanatoa sababu. "Mmh, ingekuwa vizuri, ila wiki hii nina mambo." Na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba msikilizaji huelewa. Hata ukimya una maana yake. Wanaopima mazungumzo wamekuta kwamba katika lugha nyingi jibu huja baada ya takribani sehemu mbili za kumi za sekunde, na jibu la kukataa huelekea kuchelewa kuliko la kukubali. Kwa hiyo macho yako, yakiwa yanatafuta "hapana", ni chombo kizuri. Kumkwepa mtu kunagharimu. Watu hawafanyi hivyo bila sababu, na wasipotaka kuumizana hurudia kulekule mara mbili tatu.

"Ndiyo" ni habari nyingine. Kutabasamu, kutunza kiti, kuandika meseji ndefu, vyote vina chanzo zaidi ya kimoja: adabu, ukarimu, upweke wa usiku, kuhitaji msaada wa zoezi. Mwaka 1982 Antonia Abbey aliwaweka mwanamume na mwanamke wasiofahamiana wazungumze kwa dakika 5 huku wengine wakitazama kwa siri. Wanaume, waliozungumza na waliotazama pia, waliona mvuto wa kimapenzi zaidi kwa mwanamke kuliko wanawake walivyouona. Mazungumzo yalikuwa yaleyale.

Upande wa mtumaji nako kuna tatizo. Jacquie Vorauer na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba mtu anayeogopa kukataliwa huamini kwamba dalili alizotoa zimeonekana wazi kuliko zilivyoonekana kweli. Yaani huenda mmekaa dawati moja, kila mmoja akidhani amepiga kelele, na hakuna aliyesikia hata mnong'ono.

Hapo ndipo kanuni yote ya mwongozo huu inapotoka. Tumia dalili kutafuta "hapana". Ukiipata, ishia hapo, usiulize. Usipoipata, usiendelee kuchimba ukitafuta "ndiyo" iliyofichwa, kwa sababu huko hakuna kipimo cha kutosha. Uliza.

Hatua ya kwanza: orodha mbili kwenye karatasi moja

Kunja karatasi katikati. Kushoto andika tu yale ambayo kamera ingeyanasa: alifanya nini, alisema nini, lini, mara ngapi. Kulia andika ulichojiambia kuhusu jambo hilo. Muulizaji wetu akiandika kushoto "alinitunzia kiti mara tatu", kulia ataandika "anataka nikae karibu naye". Kushoto: "alijibu baada ya saa 11 kwa maneno mawili". Kulia: "amenichoka". Ukimaliza, chana upande wa kulia uutupe. Si mzaha; ukiuacha, utaurudia kuusoma kana kwamba ni habari.

Kisha pitia upande wa kushoto jambo moja baada ya jingine na ujiulize swali moja tu: je, mtu anayenipenda kama rafiki na basi, angeweza kufanya hili bila taabu? Kiti, angeweza. Meseji ndefu za usiku, angeweza, hasa kama mchana yuko kazini. Kushika mkono katika kicheko, wapo watu wanaomshika kila mtu. Muulizaji akumbuke kama amemwona akimfanyia hivyo mwingine darasani. Kila jambo ambalo jibu lake ni "angeweza", lifute kwa mstari. Watu wengi hubaki na karatasi karibu tupu, nao hudhani maana yake ni kwamba hawatakiwi. Sivyo. Maana yake ni kwamba karatasi haisemi chochote, ndiyo wala hapana.

Sasa tafuta "hapana" yenyewe. Kuna sehemu tatu za kuangalia. Ya kwanza ni mialiko: ulipomwalika mahali, alikataa mara mbili au zaidi bila yeye kutaja siku nyingine? Siku nyingine ndiyo kipimo hapa, kwa sababu mwenye shughuli hutaja siku na asiyetaka hutaja shughuli tu. Ya pili ni nani anaanza. Fungua mazungumzo yenu 10 ya mwisho uhesabu. Kama yote 10 umeanza wewe, na majibu yamekuwa yakifupika, umeshajibiwa. Ya tatu ni umbali: anakuja na mtu wa tatu kila mnapopanga kukutana, anasogea ukisogea, au anamtaja mpenzi wake bila kuulizwa.

Muulizaji anahesabu. Katika mazungumzo 10, mwenzake ameanza 4. Aliahirisha kukutana mara moja, na papo hapo akapendekeza Alhamisi. Hajataja mtu mwingine. "Hapana" haikuonekana. Ile "hahaha sawa" iko kwenye karatasi, imefutwa kwa mstari kama nyingine, maana hata rafiki wa miaka 20 huandika hivyo akiwa amechoka.

Hatua ya pili: kujua kwamba muda wa kusoma umekwisha

Dalili ya wazi kuliko zote ni kuanza kutega. Unachelewa kujibu makusudi uone kama ataulizia. Unaweka stetasi iliyokusudiwa mtu mmoja, halafu unakagua orodha ya walioitazama. Unamtaja mtu mwingine mbele yake ili uone sura yake. Mtego huharibu kile unachotaka kukipima: ukichelewa kujibu, naye atachelewa kwa adabu, na wewe utaandika kuchelewa kwake kama ushahidi ulioutengeneza mwenyewe.

Nyingine ni hii ya marafiki wawili kusoma meseji moja na kutoka na majibu mawili yanayopingana. Hilo si kosa la marafiki. Maandishi hayabebi sauti. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake waliwaomba watu watume barua pepe, nyingine za dhati, nyingine za kejeli. Waandishi walitarajia wasomaji wangetofautisha kwa asilimia 78; wasomaji walipatia asilimia 56, karibu na kurusha sarafu. Kama mwandishi mwenyewe hajui alivyosomwa, rafiki yako wa tatu hatajua pia. Usimpelekee.

Kwa kipimo chetu, wiki 2 tangu uandike orodha zinatosha. Zikipita bila "hapana" mpya kujitokeza, hakuna kitakachoongezeka kwa kusubiri isipokuwa matumaini yako, na matumaini yakiwa makubwa swali hutoka zito.

Usiulize katika hali hizi

Kama umeipata "hapana" katika hatua ya kwanza, kuuliza ni kumlazimisha atamke alichokwisha kusema. Kama uliwahi kumuuliza akakataa, hivyo hivyo.

Halafu kuna hali ambazo swali haliwezi kuwa huru hata ulipambe vipi. Wewe ni bosi wake, mwalimu wake, mwenye nyumba anayopanga, au ndiye unayemlipia kitu anachokihitaji. "Hapana" yake hapo ina bei, na hujui amepiga hesabu gani kabla ya kusema ndiyo. Wafanyakazi wenza wa ngazi moja nao wawe waangalifu. Vanessa Bohns na Lauren DeVincent walichapisha mwaka 2019 utafiti ulioonyesha kwamba mtu anayemtaka mwenzake hukadiria chini ugumu anaoupata yule asiyetaka katika kukataa. Muulizaji hufikiri "si aseme tu hapana", ilhali aliyeulizwa anawaza ataingiaje ofisini kesho. Usiamini hisia yako kwamba umemrahisishia. Yeye anaona uzito ambao wewe huuoni.

Katika mfano wetu wote ni wanafunzi, hakuna anayemsahihisha mwenzake mitihani. Njia iko wazi.

Hatua ya tatu: wakati na mahali

Swali lisilobana huulizwa pale ambapo aliyeulizwa anaweza kuondoka. Kwenye gari unaloliendesha wewe, hawezi. Nyumbani kwako usiku, hawezi kwa urahisi. Mbele ya marafiki, mwili wake unaweza kuondoka ila uso wake umeshatazamwa. Mwanzoni mwa kipindi ndio wakati mbaya kuliko yote katika mfano huu, kwa sababu akikataa atakaa kando yako kwa muda wa saa mbili zinazofuata akitazama kitabu.

Ana kwa ana au meseji? Wengi husema ana kwa ana ndiyo heshima. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Kama mmezoea kuandikiana, ujumbe humpa mtu muda wa kushtuka, kufikiri na kuchagua maneno bila kutazamwa usoni, na hilo ni zawadi kubwa kwa asiyetaka. Ana kwa ana hufaa kama hamna mazoea ya kuandikiana kabisa. Basi iwe mnapoagana, mmesimama mahali pa wazi, hakuna anayesikiliza, kila mmoja na njia yake. Kupiga simu ghafla kunachanganya ubaya wa zote mbili: jibu linatakiwa papo hapo, na uso hauonekani.

Darasa la hao wawili ni Jumanne na Alhamisi. Muulizaji atume Alhamisi, mwenzake akiwa amekwishafika nyumbani, kabla usiku haujawa mkubwa. Hapo kuna siku 5 kabla ya kukutana tena. Akituma Jumatatu usiku, mwenzake anabaki na siku moja tu, na hiyo ataitumia kufikiria akae wapi.

Akiwa na msiba, mtihani au ugonjwa nyumbani, ngoja.

Hatua ya nne: kuliunda swali

Ujumbe wa muulizaji ni huu:

"Nimefurahia sana kukaa nawe darasani. Ningependa tutoke siku moja sisi wawili, na nasema kimapenzi, si kwa ajili ya mazoezi ya lugha. Nilifikiria Jumapili ya wiki ijayo alasiri, kwa muda mfupi tu. Kama hujisikii hivyo, niambie tu 'hapana', wala huna haja ya kunipa sababu. Jumanne tutafanya zoezi letu kama kawaida."

Haufiki maneno 50, na usizidishe sana hapo. Tuufungue.

Neno linalobeba mzigo ni "kimapenzi". Hilo ndilo watu hulikwepa, na kulikwepa ndiko kosa kubwa kuliko yote katika jambo hili. Ukisema "tutoke siku moja" pekee, atakuja kama rafiki, mtacheka, mtaagana, na wewe utarudi nyumbani kuandika orodha nyingine. Umetumia ujasiri wako wote kununua dalili mpya. Kama "kimapenzi" linakukwama, sema "ninakupenda zaidi ya rafiki", au "ningependa tujuane kwa nia ya kuwa wapenzi". Kila mtu ana lugha yake, ila neno lisiloweza kueleweka kwa namna mbili lazima liwemo.

Ombi lenyewe ni dogo: alasiri moja, muda mfupi, siku iliyotajwa. Hujamwomba awe mpenzi wako. Hujamwomba akwambie moyoni mwake mna nini. Mtu anaweza kujibu kuhusu Jumapili hata kama hajajua bado anajisikiaje, na hilo linamfaa yule ambaye hajawahi kukufikiria hivyo lakini hangekataa kujaribu.

Sehemu ya mlango wa kutokea ina mtego wake. Mwaka 2000 Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walichapisha jaribio ambalo mtu aliwaomba wapita njia pesa za nauli ya basi. Kwa ombi la kawaida, asilimia 10 walitoa. Alipoongeza kwamba wako huru kukubali au kukataa, walifika asilimia 47.5. Kwa hiyo sentensi nzuri ya "uko huru kabisa" inaweza yenyewe kuwa kamba laini ya kumvuta mtu, na wapo wanaoitumia hivyo kwa kujua. Ndiyo maana ujumbe wa mfano haumtangazii uhuru wake. Unampunguzia kazi ya kukataa: umemwekea neno lenyewe tayari, "hapana", umemwondolea deni la sababu, ambalo ndilo huwafanya watu watunge uongo, na umemwambia kitakachotokea Jumanne, kwa sababu anayekataa huogopa zaidi siku inayofuata kuliko dakika ya kukataa. Ahadi hiyo ya Jumanne iwe ya kweli. Kama unajua hutaweza kukaa naye dawati moja akikataa, usiiandike. Andika "nikiwa kimya siku chache usijali, si kosa lako", au afadhali usiandike kitu.

Kisha nukta. Ujumbe unakwisha bila "utasemaje?", bila emoji ya uso unaoomba, bila sentensi ya kupunguza makali.

Maneno yanayobana hata bila mtu kukusudia

"Jumapili una nafasi?" Hili linaonekana kama adabu, nalo ni ndoano. Anajibu "ndiyo, ninayo" kabla hajajua unataka nini, na ukishasema unachotaka, kisingizio alichokuwa nacho kimekwisha. Sasa akikataa ni wewe anakukataa, waziwazi. Taja jambo kwanza, siku baadaye.

"Unanionaje?" Swali hili linamtaka afungue moyo wake huku wako umeufunika. Mara nyingi atajibu "wewe ni mtu mzuri", na hakuna binadamu aliyewahi kujua afanye nini na jibu hilo.

"Tangu siku ya kwanza silali nikikuwaza." Hata kama ni kweli, ni ankara. Unamwonyesha gharama uliyokwisha kuingia kwa ajili yake kabla ya kumuuliza kama anataka. Zawadi inayotangulia swali hufanya kazi hiyohiyo, na barua ya kurasa tatu pia. Mueleze ukubwa wa hisia zako baada ya yeye kukubali. Kabla ya hapo ni uzito anaoombwa aubebe kwa ajili yako.

"Najua utakataa, lakini..." Huyu anajidharau ili apewe pole. Mwenzake sasa ana kazi mbili, kujibu na kubembeleza, na wengi hukubali kwa huruma halafu wakatoweka.

Utani nao: "Si tuoane tu, hahaha." Akicheka, hujui amecheka na kipi. Akinyamaza, utasema nilikuwa natania. Utani humlinda muulizaji peke yake, na kama tulivyoona kwa barua pepe za kejeli, hausomeki. Kumtuma rafiki aseme "kuna mtu anakupenda" ni kuzunguka mbuyu kulekule, ila sasa na mashahidi.

Mwisho, "nijibu leo tafadhali". Usiweke saa. Jumapili iliyotajwa imeshatosha kuwa mpaka.

Hatua ya tano: baada ya kutuma

Usiufute ujumbe. Usitume alama za kuuliza. Usitume kichekesho saa mbili baadaye ili kupima hewa, maana kichekesho hicho kinauliza swali lilelile mara ya pili. Kama tiki imebaki moja kwa siku kadhaa, ujumbe haujamfikia na unaweza kumwambia mkionana kwamba ulimwandikia. Hiyo ndiyo ruhusa pekee ya kurudia.

Hapa sasa ile sanaa ya kusoma dalili inarudi kazini, kwa sababu unachotafuta ni "hapana" ya upole. "Jumapili siwezi, Jumamosi je?" ni ndiyo. "Jumapili nimebanwa kidogo" bila siku nyingine ni hapana, isipokuwa mwenyewe arudi na siku. "Wewe ni rafiki mzuri sana" ni hapana. "Sawa, nije na dada yangu?" ni hapana pia, yenye tabasamu. Usimsaidie kuzibadilisha kwa kupendekeza Jumapili nyingine.

Jibu la "hapana" likija, lako liwe fupi: "Asante kwa kuniambia. Tuonane Jumanne." Usiulize kwa nini, sababu ukipewa utaanza kuijadili, na mtu akikwambia "niko na mambo mengi" utajitolea kuyapunguza. Usiombe pia "basi tubaki marafiki?", kwa kuwa ni ombi jipya mbele ya mtu ambaye ametoka kukataa na sasa anaona aibu kukataa tena. Urafiki utabaki kwa kutendwa. Msalimie kama kawaida, punguza meseji ziwe zile anazoanza yeye, na Jumanne fika mapema ukae mahali pako bila kuweka mkoba kwenye kiti cha jirani. Akija kukaa, fanyeni zoezi. Akikaa safu ya nyuma, usimgeukie.

Muulizaji wetu hakupata ndiyo wala hapana. Ijumaa asubuhi mwenzake aliandika: "Umenishtukiza kwa kweli. Naomba nifikirie kwanza." Hili ndilo jibu linalowaponza wengi, kwani linawarudisha kwenye ramli moja kwa moja: kasema "kwa kweli", ina maana gani? Jibu lake ni sentensi mbili: "Sawa kabisa, hakuna haraka. Nimekuachia wewe, mimi sitaligusa tena." Na kweli asiliguse. Jumanne wazungumzie mazoezi. Alhamisi hivyohivyo. Jumapili iliyotajwa ikifika bila neno, asikumbushe, ila ampe wiki moja zaidi kimyakimya, kwa kuwa mwenzake aliomba muda na si siku. Ikifika Jumapili ya pili bado kimya, jibu ni hapana, hata kama Jumanne atakuta ametunziwa kiti.